Emoji iko na jina: namna ya kuipata mbio kwenye simu na kwenye ordinatere

Watu wengi wanatafuta emoji namna moja tu. Wanafungua klavie ya sura za kucheka, halafu wanapitisha kidole: nyuso, mikono, wanyama, vyakula, magari, saa, bendera… Wakifika mwisho bila kuona, wanarudi tena juu. Wengine wanachoka na kutuma ile ya karibu, hata kama si yenyewe. Na si kosa la macho. Orodha rasmi yenye kampuni za simu zinafuata imeisha kupita emoji 3,700. Hakuna mtu anaweza kuipitia kwa kidole kila mara anapotaka kuandika mesaji.

Kile watu hawaambiwi ni kwamba kila emoji iko na jina lake, na maneno mengine ya kuisaidia kupatikana. Ukiita jina, inakuja. Lakini jina lile liko katika luga ya klavie yako. Hapa kwetu simu nyingi zimewekwa Kifaransa tangu siku ya kununuliwa. Kwa hiyo mtu anaandika «moto» au «moyo» katika sehemu ya kutafuta, hakuna kitu kinatokea, na anasema simu yake haina kazi ile. Simu iko nayo. Inangoja tu uandike feu, ao cœur. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, andika fire na heart.

Tuchukue mfano wenye watu wengi wanaujua: sekretere wa AVEC. Kila siku ya posho, kisha mkutano, mama huyo anatuma katika grupe ya WhatsApp majina ya wanamemba 22. Mwenye ametoa mchango anawekewa alama ya kijani ✅, mwenye hajatoa anawekewa ❌. Hizo ni alama 22, na kila moja iko na maana ya feza. Akikosea kidole na kumwekea mtu msalaba mwekundu wakati alilipa, jioni ile simu haitanyamaza. Kwa hiyo yeye anahitaji alama mbili tu, lakini azipate mbio na bila kosa.

Kwenye simu ya Android, anagusa kwanza mahali pa kuandika ili klavie ipande. Katika klavie ya Gboard, yenye inakuja katika simu nyingi, kuna kidude chenye sura ya kucheka, chini, karibu na nafasi. Kama hakionekani, afinye kwa muda butoni ya koma na kuacha kidole pale. Kidude kile kitatokea. Emoji zikifunguka, juu kuna sehemu ya kutafutia, yenye alama ya kioo cha kukuza. Anaigusa na kuandika coche. Alama za kuhakikisha zinajipanga, na ile ya kijani iko kati yao. Anaigusa, inaingia katika mesaji. Kisha anafuta neno lile na kuandika croix. Hapo angalisho: neno hilo moja linaleta misalaba mingi, hata ule wa kanisa. Achukue ule mwekundu.

Kama neno la kwanza halileti kitu, usikate tamaa mbio. Jaribu neno fupi zaidi, ao neno la kitu chenyewe kama unavyokiona katika picha. Ile ✅, kwa mfano, jina lake rasmi kwa Kifaransa linaanza na bouton, kwa sababu wenye kuichora waliifikiria kama butoni ya kufinya. Nani angewaza hivyo? Lakini ukijua hilo, unaelewa kwa nini wakati mwingine inafichama.

Kazi ya kutafuta anaifanya mara moja tu, na hapa ndipo orodha ya zile za mwisho inaingia. Kila emoji unayotuma, simu inaikumbuka na kuiweka mbele. Katika Gboard, ziko mahali pa kwanza kabisa, penye alama ya saa ndogo. Basi mama sekretere akishapata ✅ na ❌ kwa jina la kwanza na la pili, kwa majina 20 yanayobaki hatafuti tena: anafungua emoji na zote mbili zinamngoja pale juu.

Lakini kuna jambo moja linasumbua wanaoanza, na sijaona likielezwa mara nyingi. WhatsApp ya Android iko na sanduku lake la emoji, na klavie iko na lake. Ile sura ya kucheka iliyo kando ya mahali pa kuandika, upande wa kushoto, ni ya WhatsApp. Ile iliyo ndani ya klavie, kati ya herufi, ni ya klavie. Kila moja inashika orodha yake ya zile za mwisho. Leo unapita mlango huu, kesho mlango ule, na unasema: «Jana nilizitumia, mbona leo hazioneki?» Ziko, lakini katika sanduku lingine. Chagua mlango mmoja na uushike. Mimi ningechagua ule wa klavie, kwa sababu unakufuata pia katika SMS, katika Facebook na mahali pengine popote unapoandika. Kwenye iPhone swali hilo halina, kwani emoji zinatoka kwenye klavie tu, na sehemu ya kutafutia iko juu yake tangu iOS 14, ya mwaka 2020.

Mwenye anatumia alama zilezile kila juma anaweza kwenda mbele kidogo: kutengeneza njia yake ya mkato. Katika Gboard, finya alama ya gurudumu la mipango juu ya klavie, ingia Dictionnaire, halafu Dictionnaire personnel, chagua luga, kisha finya alama ya +. Mahali pa neno, weka ✅. Mahali pa njia ya mkato, andika herufi ambazo si neno la luga yoyote unayoandika, kwa mfano okk. Kwa ❌ unaweza kuweka nonn. Sasa ukiandika okk, ile alama inatokea juu ya herufi, unaigusa. Usiweke ok ya kawaida, maana kila mara unamjibu mtu «ok», simu itakuletea alama ya malipo. Kwenye iPhone njia ni Réglages, Général, Clavier, Remplacement de texte. Pale ukishafinya nafasi, herufi zinageuka emoji zenyewe.

Tuje kwenye ordinatere. Kama mashini iko na Windows 10 ao 11, bofya kwanza mahali unataka kuandika, mpaka uone ule mstari mdogo unawaka na kuzima. Bila hiyo, emoji itakosa mahali pa kuingia, na utazani haitumiki. Kisha shika butoni ya Windows, ile yenye dirisha, chini upande wa kushoto, na ukiwa umeishika, finya nukta:

```
Windows + .
```

Hapo ndipo watu wa klavie AZERTY wanakwama, na mashini nyingi zinazotoka Ulaya ziko hivyo. Kwenye AZERTY, nukta iko juu ya butoni ya nukta-mkato, na ili kuiandika unafinya Maj. Hapa usifinye Maj. Butoni ileile, na Windows, inatosha, kwa kuwa Windows inakubali pia:

```
Windows + ;
```

Sanduku dogo linafunguka. Usihangaike na mausi. Andika tu neno, coche kwa mfano, na orodha inajikata yenyewe. Mishale ya klavie inakupeleka kwenye unayotaka, na Entrée inaiingiza. Huko pia zile za mwisho zinakuja mbele ukifungua tena. Wenye Mac wanafinya Ctrl, Cmd na nafasi kwa pamoja. Kutafuta ni kulekule.

Mashini ya zamani yenye Windows 7 haina sanduku hilo, ufinye mpaka kesho. Lakini kama unatumia WhatsApp kwenye ordinatere, kuna njia nyingine yenye haitegemei Windows. Andika nukta mbili, na bila kuacha nafasi, mwanzo wa jina la emoji:

```
:coche
```

WhatsApp inapendekeza alama zinazofanana, unachagua kwa mshale na kufinya Entrée. Mtu akizoea hiyo, hata mwenye Windows 11 hatafungua tena lile sanduku.

Kuna wakati unapata emoji vizuri, lakini mwenzako haioni. Mfano wake mzuri ni bendera yetu. Kwenye simu andika Congo katika sehemu ya kutafuta: zinatokea bendera mbili. Ya kwetu ni ya buluu, iko na nyota ya manjano na mstari mwekundu uliolala mshazari. Ile ya kijani, manjano na nyekundu ni ya Brazzaville. Zikiwa ndogo na umeshika simu mbio, ni rahisi kuchanganya, na hata kwenye kurasa za watu wakubwa tumeiona ile ya majirani. Sasa tuma bendera yetu kwa mtu mwenye anasoma kwenye ordinatere ya Windows. Katika programu nyingi ataona herufi mbili tu: CD. Hajaharibu kitu, na wewe pia hukukosea. Emoji ya bendera inatumwa kama herufi mbili za nchi, na simu ndiyo inazigeuza picha. Kampuni ya Windows haikuweka picha za bendera za nchi ndani ya emoji zake, basi herufi zinabaki vile. Mtu huyo akifungua mesaji ileile kwa Firefox, ataona bendera, kwani Firefox inakuja na michoro yake.

Kisanduku kitupu ni jambo lingine. Huyo mwenye kukiona, simu yake ni ya zamani kuliko emoji uliyomtumia. Duara la kijani 🟢, la manjano 🟡 na la machungwa 🟠 viliingia mwaka 2019, lakini duara jekundu 🔴 liko tangu 2010. Basi ukiandika orodha kwa maduara katika SMS, mwenye simu ya zamani anaweza kuona jekundu peke yake, na pengine pote visanduku. Ndiyo maana kwa mambo ya feza mama sekretere anafanya vema kuandika pia neno kando ya alama: «✅ amelipa».

Na kama orodha inapita kwa SMS kwa sababu wengine hawana mega, ajue hesabu hii. SMS ya kawaida inachukua herufi 160. Ukitia emoji moja tu ndani, nafasi inashuka mpaka 70, na emoji nyingi zinakula nafasi mbili kila moja. Mesaji yenye ingelikuwa moja inakuwa mbili ao tatu, na kila moja inakatwa kwenye unite zako. Kwa SMS, aandike «ndiyo» na «hapana».