Kiungo cha malipo kikiisha muda: namna ya kuwaandikia waamini

Tuseme mtunza hazina wa hija parokiani Katandala amewaandikia waamini hivi: “Kiungo cha awali kimeisha muda. Lipeni kupitia hiki kipya kabla ya Jumamosi usiku.”

Ujumbe huo unafanana mno na ule wa matapeli, “ile hela itume kwenye namba hii”, unaojulikana na karibu kila mwenye simu nchini. Aliyekwisha kulipa naye atashtuka, akidhani fedha yake imepotea. Tena, “Jumamosi usiku” kwa wengine huweza kumaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi, ilhali wengine huelewa usiku unaofuata.

Ukisafishwa, ungesomeka hivi:

“Tumsifu Yesu Kristo. Kiungo cha malipo ya hija tulichowatumia Juni 1 kimefungwa kwa kuwa muda wake umekwisha. Aliyelipa na kupata stakabadhi asilipe tena. Ambaye bado, atumie kiungo hiki kipya: [kiungo]. Mwisho ni Jumamosi, Juni 20, saa 12 jioni. Mwenye shaka aulize ofisi ya parokia kabla ya kulipa.”

Neno “stakabadhi” limewekwa makusudi, kwani wapo waliobonyeza kiungo cha kwanza dakika za mwisho wakaamini wamelipa. Hao mtunza hazina awatafute kwa kulinganisha orodha ya majina na taarifa ya akaunti kabla ya kutuma ujumbe. Kisha ahakikishe kiungo kipya hakifungwi kabla ya saa iliyotangazwa, na tangazo lile lile lisomwe Jumapili baada ya Misa, ili anayekipokea simuni awe amekwisha kukisikia kanisani.