Asilimia 75 ya Vipindi Vipi?

Kila muhula, siku chache kabla ya mitihani ya mwisho, ubao wa matangazo wa idara hubandikwa orodha ya majina ya wasioruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Wengi walio kwenye orodha hiyo si watoro. Wanasoma na kosowaki zao ni nzuri, ila hawakuwahi kukaa chini wakapiga hesabu ya mahudhurio yao.

Vyuo vikuu vingi vya Tanzania vinataka mwanafunzi awe amehudhuria walau asilimia 75 ya vipindi vya kila kozi. Kwa wenzetu wa Kenya, vyuo vingi vinasema theluthi mbili. Neno la kushika hapo ni “kila kozi”. Ukiwa na mahudhurio mazuri kwenye kozi nne, hayakusaidii kitu kwenye ya tano, na mara nyingi semina huhesabiwa peke yake, mbali na mihadhara.

Swali ambalo wanafunzi hawaulizi ni hili: asilimia 75 ya vipindi vipi? Ratiba inaweza kuonyesha mihadhara miwili kwa wiki kwa wiki 15, yaani 30. Lakini hesabu ya haki hufanywa kwa vipindi vilivyofundishwa, si vilivyopangwa. Mwalimu akisafiri, au sikukuu ikiangukia siku ya kipindi, jumla inapungua. Hapo wanafunzi hufurahi, kumbe nafasi yao ya kukosa imepungua pia. Kwa vipindi 30 unatakiwa kuhudhuria 23, maana 22 na nusu haiwezekani, kwa hiyo unaweza kukosa saba. Vikifundishwa 26 tu, unatakiwa kuhudhuria 20, na umebakiwa na sita. Na kipindi cha kufidia kinachowekwa Jumamosi asubuhi kinaingia kwenye hesabu kama kingine chochote, hata kama tangazo lilitoka Ijumaa jioni kwenye kundi la wasapu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye kozi iliyofundishwa vipindi 28. Kiwango chake ni 21, kwa hiyo anaweza kukosa saba. Wiki mbili za mwanzo hakuwepo kwa sababu alikuwa anasubiri mkopo ili alipe ada na kujisajili. Vipindi vinne vikaenda. Wiki ya sita akalazwa kwa malaria, akapewa ED ya siku tano, akakosa viwili. Wiki ya tisa akafiwa na bibi yake Kigoma, akaomba ruhusa, akakosa viwili vingine. Jumla amekosa vinane na kuhudhuria 20. Hiyo ni asilimia 71. Amepungukiwa kipindi kimoja.

Yeye atasema, “Lakini nilikuwa na ruhusa.” Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Ruhusa inaweza kufanya kazi kwa namna tatu tofauti, na chuo huchagua moja. Ya kwanza, kipindi ulichokosa kwa ruhusa kinabaki kuwa umekikosa. Ruhusa inakukinga tu usihesabiwe mtoro, kisha inakupa hoja ya kupeleka kwenye kamati. Kwa hesabu hii mwanafunzi wetu yuko kwenye asilimia 71 na anasubiri huruma ya wajumbe. Ya pili, vipindi vya ruhusa huondolewa kwenye jumla. Hapo atakuwa amehudhuria 20 kati ya 24, yaani asilimia 83. Ya tatu, huhesabiwa kama alihudhuria, na anapata 24 kati ya 28, karibu asilimia 86. Mwanafunzi ni yuleyule na karatasi zake ni zilezile, ila kwa hesabu moja anazuiwa na kwa nyingine anapita bila wasiwasi.

Kanuni nyingi nilizosoma haziko wazi juu ya jambo hili, na zinapokaa kimya, ofisi hutumia ile ya kwanza. Mantiki yake inaeleweka: ile robo ya vipindi unavyoruhusiwa kukosa iliwekwa kwa ajili ya malaria na misiba, si kwa ajili ya kulala. Anayeitumia robo hiyo mapema kwa mambo yake, akija kuugua kweli, hana tena pa kujiegemeza. Ndivyo ilivyomtokea kijana wetu. Malaria na msiba peke yake vilikuwa vipindi vinne tu. Kilichomwangusha ni zile wiki mbili za mwanzo, kwa sababu kuchelewa kujisajili kwa kukosa ada kwa kawaida hakuingii kwenye sababu zinazokubalika. Naona hilo ni uonevu, hasa pale fedha zinapochelewa bila kosa la mwanafunzi, lakini ndivyo kanuni zilivyo.

Sababu zinazokubalika karibu kila mahali ni ugonjwa, kufiwa na ndugu wa karibu, kujifungua, wito wa mahakama, na kuwakilisha chuo kwenye michezo au shughuli rasmi. Harusi, hata ya dada wa tumbo moja, haimo. Kazi ya kujipatia riziki haimo.

Sababu nzuri nayo huangushwa na karatasi mbovu. ED inayosimama inaonyesha tarehe ya kutolewa, idadi ya siku, jina la daktari na muhuri wa kituo. Ukitibiwa nje, vyuo vingi hutaka daktari wa chuo aithibitishe. Barua inayosema “alikuwa mgonjwa mwezi Machi”, iliyoandikwa mwezi Juni, haitazamwi mara mbili. Na usimkabidhi mwalimu karatasi yako koridoni. Ataiweka kwenye kitabu na kuisahau. Ipeleke ofisini, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kusainiwa na rafiki. Mwalimu akihesabu vichwa akakuta 60 na sahihi ziko 90, kinachofuata si suala la mahudhurio tena bali la udanganyifu, na adhabu huwafikia wote wawili.

Ukijikuta kwenye orodha, omba kuona karatasi za mahudhurio siku hiyohiyo, kwa sababu muda wa rufaa huwa ni siku chache. Angalia jumla ya vipindi waliyotumia, kama kuna karatasi iliyopotea, na kama ulihamishwa kundi la semina jina lako likabaki kundi la zamani. Makosa ya namna hiyo yapo, na yanarekebishika.

Rufaa ikigonga mwamba, matokeo ni mazito kuliko kufeli. Aliyefeli kwa kawaida hupata mtihani wa marudio, supu, ingawa vyuo vingi humpa C hata akifaulu vizuri kiasi gani. Aliyezuiwa kwa mahudhurio mara nyingi hapati hata supu. Anasubiri kozi ifundishwe tena, pengine mwaka mzima baadaye.

Ndiyo maana anayeona mapema kwamba hatafika, tuseme aliyelazwa wiki tatu katikati ya muhula, hufanya vizuri kuomba kuahirisha masomo. Akirudi, mtihani wake huhesabiwa kuwa wa kwanza na alama zake zinabaki kamili. Ombi hilo hupitia kwa mkuu wa idara likiwa na vielelezo, na linatakiwa kufika kabla mitihani haijaanza. Ukishaketi kwenye kiti na kufungua karatasi ya maswali, ugonjwa wa mwezi uliopita hautakubaliwa tena kuwa sababu.