Mikondo Miwili, Mbinu Mbili: Tofauti Imetoka Wapi?

Tuseme mwalimu wa hisabati wa Kidato cha Pili anataka kujua kama milinganyo hueleweka zaidi wanafunzi wanapojadiliana kwanza katika vikundi kuliko wanapoelezwa ubaoni. Hawezi kuwagawa upya kwa kura, maana ratiba ya shule haimruhusu. Anaichukua mikondo kama ilivyo: A itasoma kwa vikundi, B kwa maelezo. Huo ni utafiti wa nusu-jaribio, ambao Donald Campbell na Julian Stanley waliuchambua mwaka 1963 pamoja na mambo yanayoweza kumpotosha mtafiti.

Kabla ya kufundisha, mikondo yote miwili hufanya mtihani wa awali. Mada ikiisha, hufanya wa pili, wenye maswali tofauti ya ugumu uleule, ili asiyesahau majibu asipate faida. Maswali yasiwe mepesi: mwenye 95 mwanzoni hana pa kupanda. Karatasi ziandikwe namba badala ya majina, zichanganywe, zisahihishwe na mwalimu asiyejua ipi ni ya mkondo gani. Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo humzuia msahihishaji kuipendelea mbinu anayoiamini.

Sasa A imetoka 38 hadi 61, na B imetoka 46 hadi 63. A imepanda alama 23, B 17. Je, vikundi vimeshinda? Bado. Pengine baadhi ya wanafunzi wa A siku ya mtihani wa awali walikuwa wagonjwa au walikosa bahati tu; wangepanda hata bila mbinu mpya. Pengine A husoma hisabati asubuhi na B baada ya chakula. Pengine wanafunzi wa B waliazima madaftari ya A bwenini. Na kama dhaifu watano wa A hawakuja siku ya mtihani wa pili, wastani umepanda kwa kukosekana kwao, kwa hiyo wahesabiwe waliofanya mitihani yote miwili pekee.

Njia ninayoipenda zaidi ni kubadilishana. Katika mada inayofuata, B isome kwa vikundi na A kwa maelezo, kwa mwalimu yuleyule na mitihani iliyoandaliwa vilevile. B ikipanda zaidi safari hii, mbinu inapata ushahidi wa kweli. A ikiongoza tena, kilichokuwa kikipimwa huenda ni mkondo wenyewe, ingawa wanafunzi wa A wanaweza kuwa wameendelea kujadiliana kimyakimya kwa mazoea ya mada ya kwanza. Ndiyo maana mwalimu aandike kila kipindi kilichotokea darasani, si kilichopangwa tu.

Hata hivyo, wanafunzi 88 wa mikondo hiyo hawawezi kuhesabiwa kama watu 88 waliojaribiwa kila mmoja peke yake. Wanasoma pamoja na huambukizana bidii na uvivu. Mbinu imejaribiwa katika mikondo miwili ya shule moja, na ripoti iseme hivyo.