Kaa, Dobi na He ya Macho Mawili

Mzaliwa wa Mombasa akimtaja kaa wa baharini, hutoa pumzi kidogo baada ya k. Akitaja kaa la moto, pumzi hiyo haipo. Pumzi hiyo huitwa mpumuo. Katika Kiswahili hatuiandiki; maneno yaliyo jirani humtosha msomaji. Kiurdu huiandika, na hapo ndipo wanafunzi huteleza.

Alama yake ni ھ, iitwayo do chashmi he, yaani he ya macho mawili, kwa sababu ya vitundu vyake viwili. Haisimami peke yake: hushikamana na konsonanti iliyoitangulia na kuitia pumzi. Neno پل likisomwa pal ni kitambo kidogo cha wakati. پھل, phal, ni tunda.

Iko he nyingine, ہ, iitwayo he ndogo. Hii ni h kamili, kama ya "habari". Kosa kubwa ni kuweka moja mahali pa nyingine. Tuseme mwanafunzi anataka kuandika pahaar, mlima. Tahajia yake ni پہاڑ. Yeye akaweka macho mawili: پھاڑ. Sasa neno linasomwa phaar, nalo maana yake ni "rarua". Kwa kuwa irabu fupi kwa kawaida haziandikwi, ni umbo la he tu linalomwonyesha msomaji tofauti.

Njia ya kujikagua ni kulitamka neno polepole. Ukisikia irabu kati ya konsonanti na h, pa-haar, tumia he ndogo. Kama p na pumzi yake hutoka kwa pamoja, weka macho mawili. Ndivyo kaha, "alisema", inavyoandikwa کہا, na kha, "kula", کھا.

Kosa la pili ni kuanza neno kwa macho mawili, kama kuandika ھم badala ya ہم, "sisi". Aliyezoea msahafu huvutwa huko, kwani he ya Kiarabu mwanzoni mwa neno ina umbo linalofanana na hilo. Hata wenyeji wa Kiurdu huandika hivyo mara nyingi, na wanaelewana. Lakini katika tahajia sanifu ھ haianzi neno, maana haina konsonanti ya kushikamana nayo.

Kosa la tatu hutunasa sisi hasa. Tukiona ghar, "nyumba", kwa herufi za Kilatini, tunaisoma kwa gh ya "ghali" na kuandika غ. Hiyo ni sauti nyingine kabisa. Ghar huanza kwa g yenye pumzi: گھر. Vivyo hivyo dhobi, mfua nguo, si dh ya "dhahabu". Ni neno lile lile lililotufikia kutoka Bara Hindi likawa dobi. Njiani tuliiacha pumzi yake. Anayeliandika kwa Kiurdu hana budi kuirudisha: دھوبی.