Mwisho wa Mstari: Msamiati Mwepesi na Mdundo katika Kutafsiri Ukurasa wa Kitabu cha Picha kwa Kiarabu

Kitabu cha picha cha mtoto mdogo huandikwa kwa ajili ya watu wawili: mzazi au mwalimu anayesoma kwa sauti, na mtoto asikilizaye huku macho yake yakiwa kwenye picha. Mtoto huyo haoni maneno, huyasikia. Kwa sababu hiyo, tafsiri ya ukurasa wa aina hii hupimwa kwa sikio kabla ya kupimwa kwa kamusi. Makala haya yanachunguza jinsi kipimo hicho kinavyotumika mtafsiri anapopewa picha ya simu ya ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuombwa autie katika Kiarabu. Ukurasa ufuatao umetungwa kuwa mfano:

Paka mdogo amepoteza mpira.
Uko wapi?
Chini ya kitanda? Hapana!
Juu ya meza? Hapana!
Nyuma ya mlango? Ndiyo!
Nyau!

Katika picha, paka amesimama upande wa kushoto karibu na kitanda, meza iko katikati, na upande wa kulia mpira mwekundu unachungulia nyuma ya mlango. Maneno ya Kiarabu yatakayotajwa yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, irabu ndefu ikiwakilishwa kwa herufi mbili.

Kiarabu kipi?

Swali la kwanza si la maneno bali la lugha yenyewe. Charles Ferguson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka wa 1959 kuhusu diglosia, alikitumia Kiarabu kuwa mojawapo ya mifano yake minne: jamii moja hutumia lugha rasmi katika maandishi na hotuba, na lahaja za nyumbani katika mazungumzo ya kila siku. Vitabu vya watoto aghalabu huandikwa kwa lugha rasmi, yaani fus'ha. Ndivyo alivyofanya Kamil Kilani wa Misri (1897–1959), ambaye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa fasihi ya watoto katika Kiarabu. Lakini mtoto wa miaka minne hajafundishwa fus'ha. Anayoijua ni lugha ya mama yake, na lugha hiyo si moja: ya Kairo si ya Maskati, na ya Maskati si ya Beiruti.

Kosa la kawaida ni kufungua kamusi na kuchukua neno la kwanza. Mfano mzuri ni maziwa. Mmisri huyaita laban. Mtu wa Beiruti akilisikia neno hilo hufikiria maziwa yaliyoganda. Neno haliib linaeleweka kotekote, na ndilo linalofaa kwa kitabu kisichojua kitasomewa mji gani. Hii ndiyo maana halisi ya msamiati mwepesi katika Kiarabu. Si neno fupi wala neno la mitaani, bali ni lile ambalo fus'ha inalikubali na nyumba nyingi zinalitumia: bait kwa nyumba badala ya manzil, baab kwa mlango, umm kwa mama, tahta kwa chini.

Mswahili ana mtego wake wa ziada katika jambo hili, nao ni maneno anayodhani tayari anayo. Tafadhali limetoka Kiarabu, lakini tafadhal ya Kiarabu hutamkwa na anayetoa, si anayeomba: humkaribisha mgeni aketi au achukue tunda. Anayeomba husema min fadhlik. Mhusika wa hadithi anayeomba maji kwa tafadhal atamfanya msikilizaji ajiulize ni nani anayempa nani. Hata mpira wetu una kichekesho chake. Kwa Kiarabu ni kura, na Mkenya akiliona neno hilo atawaza sanduku la uchaguzi. Kura yetu ya uchaguzi ina asili nyingine, kur'a, ambayo katika Kiarabu huandikwa kwa herufi tofauti.

Sauti inapotua

Jaribio la kwanza la mtafsiri makini lakini asiyesoma kwa sauti huenda likawa hivi: Fakadati-l-kittatu-s-saghiiratu kuratahaa. Sarufi yake haina ila. Hata hivyo, ina silabi kumi na tano zinazotakiwa kutamkwa kwa pumzi moja, na nyingi kati yake ni fupi fupi zinazotokana na vimalizio vya uhusika: -tu, -tu, -ta. Mzazi atajikwaa. Mtoto, kwa upande wake, hatamtambua paka wake ndani ya kittatu-s-saghiiratu, kwa kuwa nyumbani hakuna anayetamka vimalizio hivyo.

Ufumbuzi umo katika kanuni ambayo kila msomaji wa Kiarabu anaifuata, nayo ni wakfu, yaani kutua. Msomaji anapotua, irabu fupi ya mwisho wa neno huanguka pamoja na tanwini yake, na taa marbuta hugeuka pumzi nyepesi baada ya a. Al-baabi huwa al-baab. Saghiiratun huwa saghiira. Matokeo yake yana umuhimu mkubwa kwa suala hili: neno la fus'ha linapotua hukaribia sana umbo lake la nyumbani, na mara nyingine huwa lile lile. Basi mtafsiri anayechagua mahali pa kukata mstari huwa anachagua pia neno gani mtoto atalisikia kwa umbo analolijua. Maneno mepesi, yale ya picha, yawekwe pale sauti inapotua. Na vimalizio visivyoepukika vibaki katikati ya mstari, ambako hupita upesi.

Kutokana na kanuni hiyo, mstari wa kwanza unaweza kugawanywa mara mbili:

Kittatun saghiira
dhaa'at minha-l-kura.

Kila kipande kina silabi sita, na vyote viwili vinaishia kwa ra. Yapo mambo mawili yaliyofanya hili liwezekane. Kwanza, Kiswahili hakikusema kama paka ni dume au jike, ilhali Kiarabu hakimwachii mtafsiri nafasi ya kunyamaza. Picha haimlazimishi, kwa hiyo amechagua jike, kwa sababu kivumishi cha kike kinaishia kwa a na kinaafikiana na kura. Pili, kitenzi kimebadilishwa: badala ya paka kupoteza mpira, mpira ndio uliompotea paka, na hivyo neno kura limepata kukaa mwishoni. Mwanasarufi anaweza kuuliza iwapo nomino isiyo bayana inaweza kuanzisha sentensi ya Kiarabu. Inaweza, mradi iwe na kivumishi, kama ilivyo hapa.

Mistari ya maswali ndiyo moyo wa ukurasa, kwa kuwa hapo mtoto huitikia. Baada ya kuuliza Aina-l-kura? tafsiri inaendelea:

Tahta-s-sariir? Laa, laa, laa!
Ala-t-taawila? Laa, laa, laa!
Waraa'a-l-baab? Haa hiya!
Miyaau!

Kamusi ingetoa khalfa kwa nyuma ya. Khalfa-l-baab ina silabi tatu tu, na inalegea ikiwekwa baada ya Tahta-s-sariir yenye nne. Waraa'a nayo ni fus'ha safi, inazaa silabi nne, na lahaja nyingi husema wara. Kwa sababu hiyo hiyo ala imechukua nafasi ya fauka, ijapokuwa fauka lingetafsiri juu ya kwa uaminifu zaidi. Ikumbukwe kwamba kuhesabu silabi peke yake hakutoshi. Mshairi wa Kiswahili huzipa mizani zote uzito mmoja, lakini arudhi ya Kiarabu, tangu al-Khalil bin Ahmad alipoipanga katika karne ya 8, husimama juu ya tofauti ya silabi nzito na nyepesi. Sariir na baab huishia kwa silabi nzito sana zenye irabu ndefu, na swali hupanda vizuri juu yake. Taawila huishia kwa silabi mbili nyepesi na ina silabi moja ya ziada. Ingependeza kuweka kursii, neno ambalo hata Kiswahili kinalikumbuka, lakini picha ina meza. Mtoto ataelekeza kidole kwenye meza na kumsahihisha msomaji. Mahali hapa mdundo unaishinikiza picha, na picha ndiyo inayoshinda.

Hapana ina silabi tatu na laa ina moja. Kulirudia mara tatu kunaurejesha urefu wa kiitikio, na pia watoto hupenda kukana mara nyingi. Kwa ndiyo, naam ingetosha kimaana, lakini katika mazungumzo ya kawaida wengi husema aiwa, na naam hubaki na harufu ya darasa. Haa hiya, "huu hapa", ina silabi tatu kama kiitikio kilichotangulia na inamruhusu mzazi kuuonyesha mpira papo hapo.

Wakfu nao una hatari moja. Nomino ya kiume isiyo bayana iliyo mtendwa haipotezi kimalizio chake kabisa. -An hugeuka -aa. Tuseme ukurasa wa pili unasema paka alifungua mlango, na mtafsiri akaandika fatahat baaban. Msomaji akitua atasema fatahat baabaa, na baabaa ndivyo watoto wengi wa Kiarabu wanavyomwita baba yao. Paka atakuwa amemfungua baba. Al-baab, kwa al- ya ubayana, huondoa balaa hilo.

Yale ambayo picha ya simu huyaficha

Picha ya ukurasa mmoja humpa mtafsiri ushahidi usiokamilika. Mpira ni mwekundu, lakini maandishi hayasemi hivyo. Je, rangi hiyo itatajwa ukurasa wa tano? Kama itatajwa, itafaa iandaliwe mapema kwa mstari wake wenyewe, kuratun hamraa. Kabla ya kuandika chochote inafaa kuomba picha za kurasa zote, zikiwa zimepigwa kitabu kikiwa kimelazwa wazi, ili mkunjo wa katikati usimeze herufi.

Jambo zito zaidi ni upande. Jicho la msomaji wa Kiswahili huanza kushoto, hukutana na paka, kisha kitanda, kisha meza, na mwisho mpira. La msomaji wa Kiarabu huanza kulia: litauona mpira kabla swali halijaulizwa. Mchoro huu unaweza kugeuzwa kama katika kioo, kwa sababu hauna maandishi wala saa ya ukutani. Mwenye haki ya mchoro akikataa, mstari wa mlango utahamishiwa ukurasa unaofuata. Uamuzi huu si wa mtafsiri peke yake, lakini ni yeye anayeweza kuuona mapema, na humlazimu kumwandikia mchoraji kando ya tafsiri.

Linabaki suala la alama za irabu. Mzazi husoma bila maandalizi, na herufi za Kiarabu zisizo na irabu humfanya abahatishe. Kwa hiyo maneno yote yatiwe alama. Isipokuwa herufi ya mwisho wa kila mstari: ikitiwa kasra au dhamma, msomaji mtiifu ataitamka, na sariir itarudi kuwa sariiri. Hapo itiwe sukuni, au iachwe bila alama.