Mpigo Uliofutwa Kabla ya Kufika

Kebo ya koaksia ya aina ya kawaida hupitisha ishara kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya mwanga, yaani kila mita huichelewesha ishara kwa nanosekunde 5 hivi. Kebo ya mita 4 basi itaichelewesha kwa nanosekunde 20. Mhandisi anayetaka kuijaribu saketi yake kwenye kompyuta kabla ya kuiunda huieleza kebo hiyo kwa mstari mmoja wa lugha ya VHDL:

```vhdl
mwisho <= saa after 20 ns;
```

Mstari unasomeka vizuri: upande wa mwisho upokee kile ambacho saa inatoa, baada ya nanosekunde 20. Ishara ya saa ni ya megahezi 50. Inapanda kwa nanosekunde 10, inashuka kwa nanosekunde 10, na kurudia hivyo bila kukoma. Mhandisi anaendesha uigaji, anafungua chati ya mawimbi, na kuona saa ikipanda na kushuka ipasavyo. Chini yake, penye `mwisho`, pana mstari ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho, umeandikwa herufi `U`, maana yake ishara haijawahi kupewa thamani yoyote. Saa haikuchelewa. Haikufika kabisa.

Programu haina hitilafu. Imefanya hasa kile ambacho lugha inaamuru, kwa kuwa VHDL ina namna mbili za kuchelewesha, na asiyetaja anayoitaka hupewa ile ya inesha. Kebo ilihitaji ile nyingine, ya usafirishaji, nayo huombwa kwa neno moja tu:

```vhdl
mwisho <= transport saa after 20 ns;
```

Sasa mawimbi yanatokea upande wa pili yakiwa kamili, yamesogea nanosekunde 20.

Wengi hufundishwa kwamba ucheleweshaji wa inesha huupima mpigo na kuutupa ukiwa mfupi kuliko muda wa kuchelewa. Kwa matokeo ni kweli, ila programu haina mahali inapopima upana wa mpigo. Inachoshughulikia ni orodha ya mambo yajayo. Kila ishara ina orodha yake: saa fulani nitakuwa 1, saa fulani nitarudi 0. Kila kitu kinapobadilika upande wa kuingilia, programu huongeza tukio jipya kwenye orodha hiyo, na kabla ya kuliongeza huamua yapi kati ya yaliyokwisha kupangwa yafutwe. Tofauti ya namna hizi mbili iko kwenye ufutaji huo.

Tuchukue saketi ndogo inayojulikana na kila mwanafunzi wa elektroniki. Ishara A inaingia kwenye lango la NA, lile linalotoa 1 pale tu ambapo viingilio vyake vyote viwili ni 1. Kiingilio cha pili kinapokea A hiyohiyo, ila imepitia kwanza kwenye lango la SI, linalogeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1. Kwa mantiki tupu, jibu ni 0 daima, maana kitu hakiwezi kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja. Lakini malango huchukua muda. Tuseme SI linachelewesha kwa nanosekunde 2 na NA kwa nanosekunde 5.

Kwenye nanosekunde ya 100, A inapanda kutoka 0 kwenda 1. Lango la SI halijajibu bado, hivyo kile kiingilio cha pili kingali 1. Viingilio vyote viwili vya NA ni 1, na programu inaandika kwenye orodha: kwenye 105, toa 1. Kwenye 102, SI linashuka. Viingilio havilingani tena, na programu inataka kuandika: kwenye 107, toa 0. Mpigo wa nanosekunde 2 umezaliwa mbele ya lango linalohitaji 5.

Kwa namna ya usafirishaji, tukio jipya hufuta yale tu yaliyopangwa kwa wakati wake au baada yake. Tukio la 105 liko kabla ya 107, kwa hiyo linabaki. Lango linatoa mpigo kuanzia 105 hadi 107, wenye upana uleule wa nanosekunde 2. Kwa namna ya inesha, tukio jipya hutazama pia nyuma, kwa kipindi kilicho sawa na muda wa kuchelewa, na kufuta kila tukio linalosubiri lenye thamani tofauti na yake. La 105 lilikuwa 1, jipya ni 0. La 105 linafutwa. Tokeo linabaki 0 muda wote, na kwenye chati hakuna alama yoyote kwamba palitaka kutokea kitu.

Ndivyo saa ya kebo ilivyopotea. Kila badiliko lilipangwa nanosekunde 20 mbele, na kila baada ya nanosekunde 10 lilikuja badiliko jingine na kulifuta lililotangulia kabla halijatimia.

Kanuni hiyo ya orodha ina tokeo linalowashangaza hata wazoefu: namna ya usafirishaji nayo inaweza kuumeza mpigo. Lango letu likichukua nanosekunde 8 kupanda na 5 kushuka, lile badiliko la nanosekunde 100 linapangwa kwenye 108, na la 102 linapangwa kwenye 107. Tukio lililozaliwa baadaye linatimia mapema. Kwa kuwa 108 iko baada ya 107, hata usafirishaji unalifuta. Kwa hiyo anayedhani neno `transport` ni hakikisho kwamba kila mpigo utapita, na azitazame kwanza nyakati za kupanda na kushuka.

Je, lango halisi hufanya nini? Tokeo la lango ni waya wenye uwezo wa kuhifadhi chaji, pamoja na milango ya transista inazoziendesha. Ili volteji yake ipande, chaji lazima iingie kupitia transista yenye ukinzani wake, na hilo huchukua muda, kama mtungi unaojazwa kwa bomba jembamba. Mpigo mfupi mno hukoma kabla volteji haijafika nusu, kisha chaji hutiririka nje tena. Lango linalofuata halioni kitu. Ndiyo maana waliotunga VHDL, lugha iliyotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kuwa kiwango cha IEEE mwaka 1987, waliifanya inesha kuwa namna ya kawaida. Kwa malango, walichagua vyema. Kebo, au njia ya shaba kwenye bodi ambamo ishara husafiri karibu sentimita 15 kwa nanosekunde, haijazwi hivyo. Ishara hutembea ndani yake, na mipigo kadhaa inaweza kuwa njiani kwa wakati mmoja.

Kasoro kubwa ya inesha, kwa maoni yangu, ni kuipa namba moja kazi mbili. Zile nanosekunde 5 zinasema lango linachelewa kiasi gani, na papo hapo zinasema mpigo mfupi kiasi gani hautapita. Hakuna sababu ya kimaumbile inayolazimisha vipimo hivyo viwili viwe sawa. Tazama kinachotokea malango matatu ya nanosekunde 3 yakifuatana. Mpigo wa nanosekunde 4 unalipita la kwanza, la pili na la tatu, na kutoka baada ya nanosekunde 9 ukiwa mzima. Sasa mtu anataka uigaji uende haraka, anayaunganisha malango yale kuwa kipande kimoja chenye ucheleweshaji wa nanosekunde 9. Jumla ya muda haijabadilika hata kidogo, lakini mpigo wetu wa nanosekunde 4 sasa unafutwa. Ucheleweshaji wa usafirishaji hujumlishika. Wa inesha haujumlishiki.

Marekebisho ya VHDL ya mwaka 1993 yalizitenganisha kazi hizo:

```vhdl
y <= reject 2 ns inertial x after 5 ns;
```

Hapa ishara inachelewa kwa nanosekunde 5, ila mipigo inayokataliwa ni ile iliyo fupi kuliko 2. Mpigo wa nanosekunde 3, ambao inesha ya kawaida ingeumeza, unapita. Lugha ya Verilog ilikwenda njia nyingine kidogo. Malango yake hutumia inesha, lakini mtengenezaji wa chipu anaweza kuweka mipaka miwili kwa kila njia ya ishara kwa kutumia `PATHPULSE$`. Mpigo ulio chini ya mpaka wa kwanza hufutwa, ulio juu ya mpaka wa pili hupita, na ulio katikati huonyeshwa kama `X`, yaani haijulikani. Naupenda mpango huo, kwa sababu `X` huendelea kusambaa ndani ya saketi na kujitokeza kwenye chati, pale ambapo ufutaji ungeacha kimya.

Kimya hicho huwa na madhara mahali mahususi. Mpigo wa bahati mbaya kwenye njia ya data mara nyingi hauna neno, kwa kuwa seli za kumbukumbu husubiri ukingo wa saa, na kufikia hapo data imeshatulia. Kwenye waya wa saa yenyewe, au waya wa kurudisha mfumo mwanzo, mpigo wa nanosekunde 2 ni amri. Lango halisi linaweza kuupitisha ukiwa umesinyaa, volteji yake ikiwa nusunusu, na seli moja ikausoma kuwa 1 huku jirani yake ikausoma kuwa 0. Nusu ya mfumo inarudi mwanzo, nusu inaendelea. Njia nzuri ya kuwinda jambo hili ni kuendesha uigaji mara mbili, mara moja kwa inesha na mara moja kwa usafirishaji, kisha kulinganisha nyaya za saa na za kurudisha mwanzo. Palipo na tofauti pana mpigo mfupi, na kilichouficha ni namna ya kuiga tu.

Kusinyaa huko ndiko ambako namna zote mbili hazikuoni. Katika lango letu la nanosekunde 5, inesha inaua kabisa mpigo wa 4.9 na kuutoa wa 5.1 bila kuupunguza hata chembe. Usafirishaji hauupunguzi mpigo wowote. Lango halisi halina ukingo mkali namna hiyo. Mpigo wa upana wa kati hutoka mwembamba zaidi, na lango linalofuata huupunguza tena, hadi uishe. Watafiti waliofanya kazi Viyana, wakiwemo Matthias Függer na Ulrich Schmid, walithibitisha kihisabati kwamba kasoro hii haiondoki kwa kuchagua namba bora: usafirishaji na inesha, pamoja na kundi zima la modeli zinazofanana nazo, haziwezi kueleza kwa usahihi ni mipigo ipi mifupi ambayo saketi halisi inaweza kuichuja na ipi haiwezi. Walipendekeza modeli ambamo kuchelewa kwa kila badiliko kunategemea muda uliopita tangu badiliko lililotangulia. Anayebuni saketi isiyo na saa, ambamo kila mpigo una maana, huhitaji modeli ya aina hiyo, au hushuka hadi kwenye uigaji wa volteji zenyewe, ambao ni wa polepole sana na hufaa kwa kipande kidogo tu cha saketi kwa wakati mmoja.