Kwa Nini Mrututu Huvutwa Zaidi na Sumaku Unapopoa

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Bukoba wameufahamu mrututu kwa miaka mingi. Ni zile chembe za buluu ambazo huyeyushwa katika maji, zikachanganywa na chokaa, kisha zikanyunyizwa juu ya mibuni ili kuzuia kuvu. Wakemia huuita salfeti ya shaba. Mtu akiisogeza sumaku ya kawaida karibu na rundo la mrututu hataona chembe hata moja ikitikisika, naye ataamini kwamba sumaku na mrututu havijuani kabisa.

Mizani ya maabara yasema vingine. Chukua mrija mwembamba wa kioo wenye kipenyo cha milimita 8 hivi, uujaze mrututu uliosagwa, kisha uuning'inize kwenye mkono wa mizani nyepesi ili ncha yake ya chini ikae katikati ya ncha mbili za sumaku kubwa ya umeme. Umeme ukifunguliwa hata uga wa sumaku ukafikia tesla 1, yaani takriban mara 30,000 ya uga wa dunia hapa kwetu, mrija huonekana kuwa mzito zaidi kwa karibu gramu 0.2. Mrututu unavutwa kuelekea mahali ambapo uga ni mkali. Umeme ukizimwa, uzito hurudi kuwa ule wa awali, wala hakuna usumaku wowote unaobaki. Vitu vyenye tabia hii huitwa paramagneti.

Jambo la ajabu ni kwamba waya wa shaba tupu, ukipimwa vivyo hivyo, husukumwa nje kidogo badala ya kuvutwa. Tofauti imo katika hesabu ya elektroni. Kila elektroni ni sumaku ndogo sana, lakini ndani ya atomi elektroni nyingi hukaa mbili mbili, zikielekeana kinyume, hata usumaku wao ukafutana. Katika mrututu kila atomi ya shaba imepoteza elektroni mbili, na miongoni mwa zilizobaki kuna moja isiyo na mwenzi. Hiyo pekee ndiyo inayoitikia mwito wa sumaku.

Sasa na tuifuatilie elektroni hiyo. Ndani ya uga, mwelekeo wake ukipimwa, hupatikana katika hali moja kati ya mbili: ama yafuatana na uga, ama yaupinga. Hali ya kufuatana ina nishati ndogo zaidi. Kama hilo lingekuwa ndilo jambo pekee, elektroni zote zingejipanga kufuata uga, na mrija wetu ungevutwa kwa nguvu kubwa mno. Lakini fuwele ya mrututu haikai kimya. Atomi zake zinatikisika daima kwa sababu ya joto, na mtikisiko huo hubadilishana nishati na elektroni. Elektroni inayofuatana na uga yaweza kuchukua nishati kutoka kwenye mtikisiko ikapinduka. Na iliyopinduka yaweza kuirudisha nishati hiyo ikajipanga tena. Kupinduka kwahitaji nishati itolewe na fuwele, ilhali kujipanga hakuhitaji kupewa kitu. Kwa hiyo kujipanga hutokea kwa wepesi kidogo zaidi, na idadi ya wanaofuata uga huwa kubwa kuliko ya wapinzani.

Kubwa kwa kiasi gani? Hapo ndipo jotoridi linapoamua. Katika uga wa tesla 1, kwenye jotoridi la kelvini 300, ambalo ni sawa na sentigredi 27, nishati ya mtikisiko wa joto ni kama mara 220 ya ile tofauti ya nishati baina ya hali mbili za elektroni. Fuwele yenye utajiri wa namna hiyo huitoa nishati ya kupindua elektroni bila kuona pengo. Tukihesabu elektroni 10,000, tutakuta 5,011 zikifuatana na uga na 4,989 zikiupinga. Ziada ni 22 tu. Hizo 22 ndizo zinazouvuta mrija wote; nyingine zimefutana.

Tukiipoza fuwele hadi kelvini 150, mtikisiko hubakiwa na nusu ya nishati yake, nayo ile tofauti, ambayo haikubadilika, yawa na uzito maradufu mbele yake. Ziada hupanda kuwa 45 hivi. Katika naitrojeni kimiminika, kwenye kelvini 77, hufika 87. Zidisha ziada kwa jotoridi katika kila hali: jibu ni karibu lile lile. Usumaku, basi, huwiana kinyume na jotoridi, mradi lihesabiwe kuanzia sifuri halisi na wala si kuanzia pale maji yanapoganda. Pierre Curie alikwisha kuuona uwiano huu kwa vipimo mwaka 1895, akitumia oksijeni miongoni mwa vitu vingine. Sababu yake, yaani shindano la joto na mpangilio, ilielezwa na Paul Langevin mwaka 1905.

Mpimaji ajihadhari na uchafu wa chuma. Vumbi kidogo tu la chuma lililotoka kwenye kinu laweza kuushinda mrututu wote mrijani. Dalili yake ni hii: uga ukiongezwa maradufu, mvuto wa mrututu safi huongezeka mara nne, kwa kuwa ziada ya elektroni pia imeongezeka maradufu. Chuma hushiba mapema, hivyo mvuto hautafikia mara nne. Asiyefanya jaribio hili la nyuga mbili atapata tarakimu nzuri zisizo na maana.

Kanuni yenyewe nayo ina mipaka. Kwenye kelvini 4.2, jotoridi la heli kimiminika, kanuni yatabiri ziada ya 1,600 kati ya 10,000, na hesabu kamili yatoa 1,586; kosa ni dogo. Kwenye kelvini 1 kanuni yasema 6,720, na ukweli ni 5,860. Kwenye kelvini 0.5 ingetudai ziada ya zaidi ya 13,000, ilhali elektroni zote ni 10,000. Ni dhahiri kwamba uwiano ule wafaa tu wakati uga ni hafifu ukilinganishwa na joto. Ukitumia uga wa sehemu moja ya mia ya tesla badala ya tesla nzima, hesabu hizo zingelingana na kanuni hata kwenye kelvini 0.5.

Hata hivyo mrututu halisi usingetii. Karibu na kelvini 1 baadhi ya atomi zake za shaba huanza kuhisiana na jirani zao, na jirani hupendelea kuelekeana kinyume. Joto limepungua kiasi kwamba haliwezi tena kuuficha uhusiano huo. Kwa sababu hii, wanaotaka kutumia kanuni ya Curie kama kipimajoto cha baridi kali, wakiupima usumaku na kuutafsiri kuwa jotoridi, huchagua chumvi ambayo atomi zake zenye usumaku zimetengwa mbali kwa maji mengi ya fuwele. Mojawapo ni naitreti ya seri na magnesi, ambayo huendelea kuifuata kanuni hadi kwenye elfu chache za kelvini moja.